Kilo 12,000 za maji

Karatasi niliyompelekea bosi wangu Februari 2024 ilikuwa ya ukurasa mmoja, na mshahara wangu ulitajwa kwenye mstari wa mwisho tu. Yote yaliyotangulia yalihusu alizeti: ilivyoingia getini, ilivyopimwa, ilivyopungua ghalani. Niliipanga hivyo makusudi. Nikianza kutaja pesa yangu mwenyewe sauti inanikauka, lakini habari za alizeti naweza kuzizungumza tangu asubuhi mpaka jioni bila kutafuta maneno.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa namna hiyo. Wengi tumelelewa tukijua kwamba mtu mzima hadaiwi, na kwamba anayeomba nyongeza hana shukrani kwa alichopewa. Kwa hiyo tunachapa kazi, tunangoja mkubwa aone mwenyewe, na miaka inakwenda. Ushauri tunaopewa kila siku ni kujikaza, na mimi siuamini sana, kwa sababu haya za mtu haziondoki kwa kuambiwa ajikaze. Kilichonisaidia ni kuyahamisha mazungumzo. Badala ya mimi na bosi kutazamana, tulikaa tukatazama kitu kimoja kilicholala mezani, kitu kinachohesabika.

Kabla sijafika kwenye alizeti, niseme kuhusu sababu ambazo huwa zinatujia kwanza. Hapa Dodoma sababu ya kwanza ni kodi ya nyumba. Tangu lilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia huku, vyumba vimepanda, na aliyekuwa anapanga Chang'ombe kwa bei ya kawaida anajikuta anasogea nje ya mji. Baada ya kodi inakuja ada ya watoto, kisha miaka ya utumishi. Yote ni ya kweli, na yote niliyaacha nyumbani. Mwajiri akikuonea huruma atakukopesha, au atakupa kitu kidogo mkononi. Mshahara ukipanda unapanda kila mwezi, miaka yote, na mwenye biashara anahitaji sababu iliyo ndani ya biashara yake. Yeye naye ana kodi, ana ada, na ana mkopo wa benki mkubwa kuliko wetu sote.

Kazi yangu ni mapokezi ya mbegu kwenye kiwanda cha kati cha kukamua alizeti, mjini Dodoma. Mizigo inatoka Kondoa, Chemba, Mpwapwa, Kongwa, na mingine inavuka kutoka Singida. Barua yangu ya ajira ilisema nipokee, nipime uzito na nitunze stoo. Gari linaingia, linapimwa na mzigo, linashusha, linapimwa tupu, tofauti ndiyo kilo tunazolipia. Mbegu inakaa ghalani, na siku inapokwenda kwenye mashine inapimwa tena. Kila msimu kilo zinazokwenda kwenye mashine ni pungufu ya kilo tulizolipia. Huo ndio upungufu wa ghala, na kila kiwanda kinao.

Msimu wa 2022 tulilipia tani 600, zikaingia kwenye mashine tani 561. Zilipotea tani 39, yaani asilimia 6.5. Watu walisema panya, wengine wakasema wizi. Panya wapo, lakini panya wa kula tani 39 ungewaona mchana. Sehemu kubwa ya kilichopotea ni maji. Mkulima au mfanyabiashara akileta alizeti mbichi kidogo, mizani inapima mbegu na maji kwa pamoja. Sisi tunalipia vyote viwili kwa bei ya mbegu. Halafu hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba ni kavu, inayanyonya yale maji taratibu kupitia kwenye magunia, na uzito unashuka bila mtu yeyote kugusa kitu. Mbaya zaidi, mbegu yenye unyevu mwingi ikirundikwa inapata joto katikati ya lundo, inaota ukungu, na mafuta yake yanaharibika.

Kabla ya msimu wa 2023 nilimwomba bosi anunue kipima unyevu, akanunua. Tukakubaliana kwamba kiwango chetu ni asilimia 9. Mzigo ulio chini ya hapo unalipwa kilo zote. Ulio juu unakatwa uzito wa maji yaliyozidi, na hesabu yake si ya kubahatisha: unatoa 9 kwenye unyevu uliousoma, unagawa kwa 91, unazidisha kwa kilo za mzigo. Tisini na moja ni ile sehemu isiyo maji kwenye mbegu ya asilimia 9.

Chukua gari moja, fuso lenye kilo 8,000. Nachoma bambo kwenye magunia ya juu, ya katikati na ya chini, kwa sababu wajanja wanaweka makavu juu. Nachanganya sampuli kwenye beseni, naweka kwenye kipimo mara tatu, nachukua wastani. Tuseme umesoma asilimia 12.5. Imezidi kwa 3.5. Ukigawa kwa 91 na kuzidisha kwa 8,000 unapata kilo 308. Kwa bei ya shilingi 750 tuliyokuwa tunanunulia, hizo ni 231,000 ambazo mwaka uliotangulia tungezilipa kwa ajili ya maji, kwenye gari moja.

Wenye mizigo walilalamika mwanzoni, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kwa hiyo nilimpa kila mmoja bambo achome mwenyewe gunia analotaka, na namba aliisoma kwenye kioo kabla yangu. Aliyeleta kavu aliondoka na kilo zake zote, na neno hilo lilisambaa haraka kuliko lawama. Kila gari niliandika kwenye leja: tarehe, wilaya, kilo za mizani, unyevu, kilo zilizokatwa, sahihi ya mwenye mzigo. Safu mbili za unyevu na makato hazikuwepo kwenye leja ya zamani. Nilizichora kwa rula.

Leja hiyo ndiyo iliyoniombea nyongeza, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokwenda na ushahidi wanakwenda na ushahidi mnene mno.

Msimu wa 2023 tulilipia tani 640, zikaingia kwenye mashine tani 617.6. Upungufu ukawa tani 22.4, asilimia 3.5. Hesabu ya haraka inasema hivi: kama upungufu ungebaki asilimia 6.5, tungepoteza tani 41.6, kwa hiyo tumeokoa tani 19.2. Kwa 750 kwa kilo ni shilingi 14,400,000. Namba hiyo inavutia, na mtu akiishika ataikimbiza ofisini siku hiyohiyo.

Nilikaa nayo wiki moja, na kila siku niliiuliza ni nani mwingine aliyechangia. Bosi mwenyewe alikuwa ameezeka upya upande mmoja wa ghala uliokuwa unavuja, na alinunua chekecheke la kutoa mchanga na mapepe. Mizigo mingi ya mwaka ule ilitufikia Julai na Agosti, ikiwa imekaa juani muda mrefu, wakati mwaka uliotangulia mingi iliingia mapema zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka mikononi mwangu. Nikimpelekea bosi milioni 14 kama jasho langu, atakumbuka bati zake kabla sijafika mstari wa pili, na kuanzia hapo hataamini hata kilicho changu kweli.

Kwa hiyo niliiacha ile tofauti ya misimu miwili, nikahesabu kitu kimoja tu: jumla ya safu ya kilo zilizokatwa kwa unyevu. Safu hiyo haitegemei bati wala mvua. Kila namba ndani yake ni kilo zilizopita kwenye mizani, zikapimwa unyevu, na hazikulipiwa. Jumla ilikuwa kilo 12,000 na chenji. Mara 750, shilingi 9,000,000. Zile tani saba na ushee zilizobaki niliziandika kwa mstari wao: "Zimetokana na paa jipya, chekecheke na mizigo kukauka shambani, sizihesabu." Mstari huo ulinigharimu zaidi ya milioni tano kwenye karatasi, na ndio mstari ambao bosi aliusoma mara mbili.

Bei pia niliichunga. Ningeweza kuhesabu kwa bei ya mafuta yanayotoka kwenye mbegu, na namba ingekua, lakini maji hayatoi mafuta. Kilichookolewa ni pesa ya kununulia, basi bei sahihi ni ya kununulia. Wastani wa 750 nilimwomba mhasibu wetu authibitishe kwenye kitabu cha manunuzi, nikamweleza wazi ninaitaka ya nini. Sikutoa nakala ya kitabu chochote cha ofisi kwenda nayo nyumbani. Ushahidi uliochukuliwa kwa kificho unageuka kesi yako wewe.

Swali moja lilibaki ambalo nilijua litaulizwa: makato hayakufukuza wauzaji? Nilipitia majina kwenye leja mbili. Wengi wa waliotuuzia 2022 walirudi 2023, wachache hawakurudi, wapya waliingia, na jumla ilipanda kutoka tani 600 hadi 640. Niliandika sentensi hiyohiyo, pamoja na wale wachache wasiorudi.

Baada ya hapo ndipo nilipogeukia mshahara. Ni rahisi kusema "niongezee laki na nusu", lakini yafaa ujue laki na nusu hiyo ni kiasi gani kwako na ni kiasi gani kwake, kwa sababu namba hizo mbili hazilingani.

Nilikuwa nalipwa 650,000 kabla ya makato. NSSF yangu ni asilimia 10, 65,000, inatolewa kwanza, na kodi ya PAYE inakatwa kwenye 585,000 inayobaki. Kwa viwango vyetu, 270,000 ya mwanzo haikatwi kitu, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo inafika 20,000, na kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Kwa hiyo kodi yangu ilikuwa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 65,000 iliyozidi, jumla 33,000. Mkononi nilibaki na 552,000. Ukiwa kwenye daraja hilo la asilimia 20, kila 100,000 unayoongezwa unaondoka na 72,000: kumi inakwenda NSSF, na asilimia 20 ya 90,000 inakwenda kodi. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa tena asilimia 15 ya mshahara, hivyo anabaki na 57,000. Watu wanafurahia nyongeza Februari na kununa Machi kwa sababu hawakufanya hesabu hii.

Upande wa mwajiri namba inakwenda juu. Akikuongezea 150,000, anaweka NSSF ya kwake asilimia 10, na kuna michango ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Kwa viwango vya mwaka ule nyongeza ya 150,000 ingemgharimu 171,000 kwa mwezi, zaidi kidogo ya milioni mbili kwa mwaka. Niliandika hiyo 171,000, wala sikuandika 150,000. Aone kwamba najua gharama yake yote, na aone milioni mbili zikiwa kando ya milioni tisa. Maombi yangu yalikuwa 800,000.

Wakati wa kwenda nao ni sehemu ya hesabu. Kiwanda cha alizeti kuanzia Mei kina kiu ya pesa: kila shilingi inanunua mbegu, na bosi anaamka na madeni. Ukimwendea Juni, hata ukiwa na haki, anayeongea naye si wewe, ni benki. Februari hesabu za mwaka zimefungwa, mbegu nyingi imeshakamuliwa, na bajeti ya msimu mpya haijapangwa. Kila kazi ina Februari yake. Mhasibu wa mahali pako atakuambia ni lini.

Nilimtumia ujumbe Jumatatu: "Shikamoo Mzee. Naomba nusu saa yako Alhamisi baada ya saa nane. Nataka kukuonyesha hesabu ya upungufu wa ghala msimu uliopita, na tuzungumze kuhusu mshahara wangu." Kwa mtu kama mimi, nusu ya kazi iliishia hapo. Neno zito lilishatoka kwa maandishi, Alhamisi sikuwa na haja ya kulitafutia mlango. Naye hakushtukizwa, jambo ambalo ni la heshima pia. Mkubwa akishtukizwa anajibu "tutaona", kwa sababu hana kingine cha kusema. Alijibu: "Marahaba. Njoo saa tisa."

Alhamisi nilimpa karatasi nikakaa kimya aisome. Hiyo ilihitaji mazoezi, maana mwenye haya huwa anajaza ukimya kwa kujipunguzia: "hata kama ni kidogo", "ukipata nafasi tu, Mzee", "sio lazima sasa hivi". Nyumbani nilikuwa nimeandika sentensi moja na kuisema kwa sauti mpaka ikawa ya kawaida mdomoni: "Kwa kazi hii ya kupima unyevu, ambayo haikuwemo kwenye ajira yangu, naomba mshahara wa msingi uwe 800,000 kuanzia Machi." Baada ya nukta sikuongeza kitu. Aliposoma mpaka mwisho aliinua macho, nikaisema, nikanyamaza.

Alianza kwa kusema kupima ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na barua ya ajira kwenye bahasha. Inasema uzito. Unyevu hautajwi popote. Sikubishana, nilimsomea mstari wenyewe.

Akauliza, "Na wenzako? Wale vijana wa kushusha?" Swali zuri, na nilikuwa nimeliandika mgongoni mwa karatasi. Vijana wawili ndio wanaofungua magunia ya chini na kuchanganya sampuli, na bila wao bambo lingeishia kwenye magunia ya juu. Nikamwambia kwamba nao wanastahili kuangaliwa, na nikataja majina yao. Niliona uso wake umelegea hapo.

Kisha akaleta la bei. Mafuta ya nje yameshusha bei, faida imebana, mwaka huu ni mgumu. Hili sikuwa na uwezo wa kulipinga, na sikulipinga. Nilisema: "Mzee, bei ya mafuta siiwezi. Lakini bei ikiwa mbaya, kulipia maji ndiko kunakouma zaidi." Huo ndio mchango pekee nilioutoa ambao haukuwa kwenye karatasi.

Mwisho akasema, "Basi nitakuwekea posho ya laki moja." Watu wengi huondoka hapo wakishukuru, kwa hiyo nifafanue. Posho ya kila mwezi inakatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo hujaokoa chochote. Lakini malipo mengi yanayolindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yanahesabiwa kwa mshahara wa msingi: saa za ziada, ambazo ni mara moja na nusu, malipo ya likizo, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka mtu akiachishwa. Posho pia ni rahisi kuondolewa siku biashara ikiyumba. Nilimwambia, kwa upole, kwamba afadhali kiasi hichohicho kiingie kwenye mshahara wa msingi kuliko kikubwa zaidi kwenye posho.

Alifikiri. Tulikubaliana 750,000 kuanzia Machi, na 800,000 mwaka unaofuata kama matokeo yataendelea. Mkononi, 750,000 ni 624,000, yaani 72,000 zaidi ya nilizokuwa napokea.

Najua wapo watakaosoma hapa wakasema kazi yao haina kilo. Jirani yangu ni karani wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni, na alidhani hana cha kuhesabu. Tulipokaa tukaona alikuwa ameanza kuomba malipo ya awali kwa wanaoweka vyumba kwa simu wiki za Bunge, na daftari la wageni lilionyesha vyumba vilivyowekwa kisha mgeni asitokee, kabla na baada. Mara nyingi namba ipo, imelala kwenye daftari ambalo hakuna anayelijumlisha. Inabidi ianze kuandikwa kabla ya mabadiliko, au angalau daftari la zamani liwe bado lipo. Ukianza kukumbuka baada ya mwaka, unachokuwa nacho ni hadithi.

Lakini kuna mahali njia hii haifiki. Mji huu umejaa watumishi wa umma, na mshahara wao unafuata ngazi, TGS na nyinginezo. Mkuu wa idara hana shilingi ya kukuongezea hata umletee leja kumi. Kwa mtumishi wa namna hiyo ushahidi wa matokeo mahali pake ni kwenye tathmini ya utendaji, PEPMIS, na kwenye maombi ya kupanda cheo. Na iko biashara ambayo haina pesa kweli. Hiyo utaitambua kwa mishahara inayochelewa na michango ya NSSF isiyofika. Ukiona hivyo, karatasi yako nzuri itumie kuombea kazi kwingine.

Kilichobaki kilikuwa maandishi. Kifungu cha 15 cha sheria ileile kinamtaka mwajiri kubadilisha maelezo ya ajira kwa maandishi mambo yakibadilika, kwa hiyo kuomba barua si kumtilia shaka mtu. Nilimwandikia jioni ileile nikimshukuru na kutaja tulichokubaliana: kiasi, tarehe, na kwamba ni mshahara wa msingi. Mhasibu akaandaa barua.

Sehemu iliyotuchukua muda ni ile ya "kama matokeo yataendelea". Maneno hayo yakibaki hivyo, kila mtu atayasoma anavyotaka. Kama mwaka unaofuata wakulima wote wangeleta mbegu kavu, makato ya unyevu yangekuwa madogo, na mtu angeweza kusema sijaokoa kitu, ilhali mizigo kavu ndiyo tuliyoitaka. Kwa hiyo tuliacha kabisa kiasi cha makato kisiwe kipimo. Tuliandika mambo mawili: kila gari linaloingia liwe na unyevu uliosomwa na kusainiwa kwenye leja, na upungufu wa ghala usizidi asilimia 4 kwa msimu, bila kuhesabu mzigo utakaolowa kwa paa kuvuja. Hilo la paa bosi alicheka, kisha akasema liandikwe. Barua ina sahihi yake na yangu, nakala moja iko kwenye faili la mhasibu na nyingine ninayo mimi. Slipu ya Machi niliipiga hesabu mstari kwa mstari: NSSF 75,000, PAYE 51,000.